Namba za ripoti zikileta ubishi: dalili, chanzo na dawa

Ripoti ya kikundi hapa Lamu huwa na maisha mawili. Kwanza husomwa kwa sauti kikaoni: katibu kasimama na karatasi, wanachama wameketi, na wengine wanasikiliza kwa sikio moja, la pili liko kwenye maji yanayojaa gatini. Kisha nakala hupelekwa kwa mfadhili au ofisi ya uvuvi, na huko anaisoma mtu ambaye hakuwepo, peke yake, hana wa kumuuliza. Namba iliyoandikwa ovyo huharibika pote pawili. Kikaoni husikika vingine, na ofisini huhesabiwa vingine.

Mimi huletewa ripoti hizi nizichape na kuzinyoosha. Nitaipitia hapa aya moja ya kikundi cha wavuvi. Kikundi sikitaji na namba nimezibadilisha, lakini makosa nimeyaacha kama yalivyokuwa, kwa sababu aya hiyo moja ilikusanya karibu maradhi yote ninayoyajua:

> Katika miezi sita ya kusi mapato yalikuwa shilingi elfu mia sita na tisini na tatu. Samaki walioletwa wamepungua kwa kilo 3,150 kulinganisha na kaskazi. Samaki walioharibika kwa kukosa barafu wamepungua kwa 8%. Asilimia 66.67 ya mashua zimehitaji matengenezo. Kila safari ilileta kati ya kilo 15 hadi 40. Kikundi kina vijana (18-35) 14, watu wazima (35-60) 12 na wazee (60 na zaidi) 5.

Ukiisoma haraka huoni tatizo. Kabla ya kutafuta kosa, mimi huifanyia majaribio mawili. La kwanza ni la sikio: namsomea mtu ambaye hajaiona karatasi na yeye anaandika kila namba kwa tarakimu. La pili ni la kikokotoo: nampa mtu mwingine karatasi yenyewe na kumwambia ahakikishe kila asilimia kwa kutumia namba zilizomo humo humo. Namba ikianguka kwenye sikio, mara nyingi kosa liko kwenye maneno yanayoizunguka. Ikianguka kwenye kikokotoo, kosa ni kwamba msomaji hakuambiwa asilimia hiyo ni ya nini.

Dalili: aliyesikia ameandika namba tofauti na yako

Nilipomsomea kijana wa dukani sentensi ya kwanza, aliandika 600,093. Katibu alikusudia 693,000. Wote wawili wanajua Kiswahili vizuri, na wote wawili wamesikia sawa.

Chanzo ni namna tunavyohesabu. Katika Kiswahili neno "elfu" hutangulia, halafu hufuata idadi ya hizo elfu. Tena "na" ina kazi mbili: inaunga tarakimu zilizo ndani ya hesabu ya elfu, na inaunga mabaki yanayokuja baada ya elfu kwisha. "Elfu ishirini na tano" inaweza kuwa 25,000, na inaweza kuwa 20,005. Sokoni hatukosei kwa sababu bidhaa iko mbele ya macho na bei yake inajulikana. Kwenye ripoti, msikilizaji hana bidhaa ya kumwongoza.

Mtego wa pili ni mdogo kuliko huo lakini unauma zaidi. "Elfu na mia mbili" ni 1,200. "Elfu mia mbili" ni 200,000. Kinachozitenganisha ni "na" moja, na upepo wa kusi ukivuma kwenye kipaza sauti hiyo "na" haifiki nyuma.

Dawa kwenye karatasi ni tarakimu zenye mkato kwenye elfu: Sh693,000. Kikaoni, katibu aitamke kwa laki: laki sita na elfu tisini na tatu. Laki huivunja namba mahali pazuri, kwa hiyo elfu zinazobaki hazifiki mia, na sikio halina la kukisia ila hiyo "tisini na tatu". Wengine huigeuza na kusema "tisini na tatu elfu", na hapo hakuna shaka hata kidogo, maana "elfu" inakuja mwisho kufunga hesabu. Mimi naipenda hii ya pili kwa kusomea, ingawa wazee wengine husema ina harufu ya Kizungu.

Kama una shaka namba iliyokusudiwa ni ipi, usikisie. Tafuta njia ya pili ya kuifikia. Kikundi kiliuza kilo 2,772 za samaki wazima kwa bei ya Sh250 kwa kilo. Ukizidisha unapata 693,000, na ubishi umekwisha.

Ukishafika kwenye mamilioni, andika neno na tarakimu pamoja, neno likitangulia: "milioni 2.5". Tahadhari ukiwa na namba mbili. "Shilingi 2 hadi milioni 5" humaanisha kuanzia shilingi mbili, ile sarafu. Andika "milioni 2 hadi milioni 5", hata kama unaona umerudia.

Dalili: kikao kimeshtuka kuliko hali ilivyo

Kilo 3,150 zilizopungua! Mzee mmoja aliinuka akauliza, "Katibu, sasa hicho kilichobaki ni samaki au ni maji ya chumvi?" Katibu akapekua daftari lake. Kaskazi walileta kilo 4,500, na kusi walileta kilo 3,150. Kilichopungua ni kilo 1,350 tu.

Hapa kosa ni la neno moja. "Imepungua *kwa* 3,150" inataja pengo. "Imepungua *hadi* 3,150" inataja mahali tulipofikia. Makatibu wanaijua tofauti hii wakiulizwa, lakini wakiandika haraka "kwa" hujitokeza yenyewe, kwa sababu ndiyo tunayoitumia zaidi tukizungumza. "Mpaka" ni sawa na "hadi". Kwenye asilimia madhara ni makubwa zaidi: mapato "yaliyopanda kwa asilimia 40" na gharama "iliyopanda hadi asilimia 40 ya mapato" ni habari mbili zisizofanana kabisa.

Dawa yangu ni kuandika ncha zote mbili: *walipungua kutoka kilo 4,500 hadi kilo 3,150*. Hapo "kwa" haina pa kukosea, na msomaji akitaka pengo atalitoa mwenyewe. Ukitaka kuongeza asilimia, iweke mwishoni: *yaani pungufu ya asilimia 30*.

Hiyo 30 imepatikana kwa kugawanya pengo kwa namba ya zamani, si kwa mpya. Kama unafanyia hesabu kwenye jedwali la kompyuta, na namba ya zamani iko A2, mpya iko B2:

```
=(B2-A2)/A2
```

Jibu ni -0.3, yaani pungufu ya asilimia 30. Ukigawanya kwa mpya utapata karibu 43, na 43 hiyo si ya uongo. Ndiyo asilimia ambayo samaki wanapaswa kupanda ili warudi kilo 4,500. Ndiyo maana sentensi kama "tulishuka kwa asilimia 30, sasa tumepanda kwa asilimia 30, tumerudi pale pale" haiwezi kuwa kweli. Kutoka 3,150 ukiongeza asilimia 30 unafika 4,095.

Jambo moja ambalo kikokotoo hakilioni: kulinganisha kusi na kaskazi kwenyewe kuna walakini. Wakati wa kusi bahari huchafuka nje ya mwamba na vyombo vidogo hukaa ndani siku nyingi. Asilimia 30 iliyohesabiwa sawasawa bado inaweza kumfanya mfadhili adhani kikundi kimelegea. Ukiwa na daftari la kusi ya mwaka jana, linganisha na hilo. Kama huna, sema wazi kwamba huu ni msimu mgumu ukipimwa na msimu mwepesi.

Dalili: watu watatu wana asilimia tatu na wote wamekokotoa vizuri

Hapa ndipo ninapopoteza muda mwingi zaidi, kwa sababu hakuna aliyekosea hesabu.

Sentensi ilisema samaki walioharibika wamepungua kwa 8%. Mhazini akasema si nane, ni arobaini. Kijana mmoja aliyekuwa na simu mkononi akasema ni hamsini na nane. Katibu akanijia jioni na karatasi zote tatu, akaniambia, "Mwalimu, nitolee iliyo sawa." Nikamwambia zote ni sawa, naye akanitazama kama mtu aliyeonewa.

Tuzipange. Wakati wa kaskazi ziliharibika asilimia 20 ya kilo 4,500, yaani kilo 900. Wakati wa kusi ziliharibika asilimia 12 ya kilo 3,150, yaani kilo 378.

Katibu alitoa 12 kwenye 20, akapata 8. Hiyo ni tofauti kati ya asilimia mbili, na jina lake ni *pointi za asilimia*. Sehemu iliyoharibika ilishuka kwa pointi 8 za asilimia.

Mhazini aliuliza hiyo nane ni kiasi gani cha ile ishirini ya mwanzo. Nane kati ya ishirini ni asilimia 40. Kwa hiyo sehemu iliyoharibika imepungua kwa asilimia 40 ya ilivyokuwa.

Kijana yeye aliacha asilimia, akatazama kilo. Kutoka 900 hadi 378 ni pungufu ya kilo 522, na 522 kati ya 900 ni asilimia 58.

Hizo asilimia tatu hujibu maswali matatu. Anayetaka kujua kama sanduku la barafu limefanya kazi anahitaji jibu la katibu au la mhazini, maana yote mawili yanapima uharibifu kwa kila samaki aliyeletwa. La kijana limechanganya barafu na uhaba: sehemu ya upungufu wa zile kilo 522 imetokana tu na kwamba samaki walioletwa walikuwa wachache. Hata barafu isingebadilika kabisa, asilimia 20 ya kilo 3,150 ingekuwa kilo 630, na hapo tayari zimeshuka kilo 270 bila sanduku kufanya lolote. Kwa hiyo ile 58, ambayo ndiyo nzuri kuliko zote kusikika, ndiyo inayosema machache zaidi kuhusu sanduku.

Kosa la katibu halikuwa kwenye 8, lilikuwa kwenye alama ya %. Nami najua alikoitoa. Ukiwa na visanduku viwili vya asilimia kwenye kompyuta, ukitoa kimoja kwenye kingine, mashine huandika jibu kama asilimia:

```
=B3-A3
-8%
```

Mashine inarithi alama kutoka kwenye visanduku. Haijui kwamba hizo sasa ni pointi. Mwandishi ananakili anachokiona, na msomaji makini wa ofisini anachukua 20, anaipunguza kwa asilimia 8, anapata 18.4, kisha anashangaa mbona jedwali la nyuma lina 12.

Kwa ripoti inayosomwa mbele ya watu, neno "pointi za asilimia" mimi huliepuka kila ninapoweza. Ni sahihi, lakini kikaoni wengi husikia "asilimia" na kuisahau "pointi". Naandika ncha mbili, na kila asilimia naiambia ni ya nini: *Wakati wa kaskazi ziliharibika kilo 20 katika kila kilo 100 zilizoletwa, wakati wa kusi ni kilo 12 katika kila 100.* Sentensi hii imeshinda jaribio la sikio kila nilipoijaribu. Kwenye nakala ya ofisi unaweza kuandika "kutoka asilimia 20 hadi 12 ya samaki walioletwa". Lile fungu la mwisho, "ya samaki walioletwa", lisikatwe hata nafasi ikiwa finyu. Likikatwa, mtu atadhani ni asilimia ya waliouzwa, na hesabu itapinda.

Kwenye mlango huu huu hupita "mara". "Imeongezeka mara tatu" kutoka 10: wapo wanaofika 30, na wapo wanaoongeza 30 juu ya 10 wakafika 40. Na "mara mbili chini" sijui hata inakusudia nini. Nusu ina jina lake, ni nusu. Kwa "mara" pia dawa ni ncha mbili.

Dalili: namba ina desimali na hakuna anayeiamini

"Asilimia 66.67 ya mashua." Kikundi kina mashua sita. Nne zilihitaji matengenezo.

Kuna kipimo chepesi cha kujua kama desimali zina haki ya kuwepo. Gawanya 100 kwa idadi yote. Jibu ni hatua ndogo kabisa ambayo asilimia yako inaweza kupiga. Kwa mashua sita hatua ni karibu 17: ikiongezeka mashua moja, asilimia inaruka kutoka 67 hadi 83 bila kupita katikati. Namba inayoruka hatua ya 17 haiwezi kudai usahihi wa sehemu za mia. Kwa wanachama 30 hatua ni zaidi ya 3, kwa hiyo desimali bado ni pambo. Hatua hushuka hadi 0.1 ukifika idadi ya 1,000, na hapo ndipo desimali moja huanza kustahili.

Kwa idadi ndogo, acha asilimia kabisa: *mashua 4 kati ya 6*. Ni fupi zaidi, ni sahihi kabisa, na mzee yeyote ataanza kuzihesabu kwa majina yake. Ukiandika kwa maneno, kumbuka upatanisho: mashua *nne kati ya sita*, lakini wavuvi *wanne kati ya sita*. Tarakimu hukuondolea usumbufu huu wote, na ndiyo sababu nyingine ya kuzipenda.

Kinyume chake kipo pia: asilimia inaweza kumeza watu. Sensa ya mwaka 2019 ilihesabu watu 143,920 katika Kaunti ya Lamu: wanaume 76,103, wanawake 67,813 na watu wenye jinsia mbili 4. Hapa idadi ni kubwa na desimali moja inafaa: wanaume asilimia 52.9, wanawake asilimia 47.1. Jumlisha. Ni 100.0 kamili, na wale wanne hawamo. Ukitaka kuwaingiza kwa asilimia utaandika 0.003, namba ambayo haisomeki wala haikumbukiki. Waandike kwa idadi, watu 4, pembeni ya asilimia za wengine. Mchanganyiko huo si kosa la mtindo.

Sensa hiyo ina faida nyingine kwa mwandishi wa ripoti. Mwaka 2009 Lamu ilikuwa na watu 101,539. Ongezeko ni 42,381, yaani asilimia 41.7 kwa miaka kumi. Kwenye aya ya maelezo mimi huandika "karibu asilimia 42" na kuziacha namba kamili kwenye jedwali. Ila "karibu" na "takriban" haziendi na tarakimu za mwisho mwisho. "Takriban watu 143,920" inajipinga yenyewe: ama unajua hadi mtu wa mwisho, ama unakadiria. Sema "takriban watu 144,000", au uitoe hiyo takriban.

Dalili: jumla inazidi watu waliopo

Kikundi kina wanachama 30. Vijana 14, watu wazima 12, wazee 5. Jumla ni 31.

Mwanachama mmoja ana miaka 35. Amehesabiwa kijana kwa sababu mstari unasema 18-35, akahesabiwa mtu mzima kwa sababu mstari unaofuata unaanza 35. Hakuna aliyezidishwa kwa hila. Mipaka ndiyo iliyogongana.

Katiba ya Kenya ya mwaka 2010 imelimaliza jambo hili vizuri. Ibara ya 260 inamtaja kijana kuwa aliyetimiza miaka 18 lakini hajatimiza 35. Angalia inavyofanya: ncha ya chini imo ndani, ncha ya juu iko nje. Aliye na miaka 35 si kijana. Ukiandika kwa mtindo huo, makundi huwa *18 hadi 34*, *35 hadi 59*, na *60 na zaidi*, na kila mtu ana kiti kimoja. Vijana wakabaki 13, na jumla ikawa 30.

Kwa umri, unaohesabiwa kwa miaka kamili, 34 na 35 hazina mwanya katikati. Kwa vipimo vyenye desimali mwanya upo. Tuseme unapanga miti ya mikoko kwa unene, daraja moja ni sentimita 8 hadi 11 na linalofuata ni 12 hadi 14. Mti wa 11.5 utaukuta umelala nje, hauna daraja. Hapo andika *kuanzia 8 hadi chini ya 12*, kisha *kuanzia 12 hadi chini ya 15*.

"Zaidi ya 60" na "60 na zaidi" nazo si ndugu. Ya kwanza humtoa aliye na 60 kamili. Hili halihitaji maelezo marefu, linahitaji tu mtu alikague kila linapotokea.

Sasa turudi kwenye "kati ya kilo 15 hadi 40". Sarufi kwanza: "kati ya" hufuatwa na "na", "kuanzia" au "kutoka" hufuatwa na "hadi". Ukizichanganya hakuna atakayekufa, lakini nina sababu ya kusisitiza. "Kati ya 15 na 40" humwachia msomaji swali kama 15 na 40 zenyewe zimo. "Kilo 15 hadi 40" kwa wengi huzijumuisha. Kwa hiyo kwenye ripoti mimi hutumia "hadi" peke yake na kuiacha "kati ya" kwa mafungu kama "4 kati ya 6". Kistari cha 15-40 nakiweka kwenye jedwali tu; kikisomwa kwa sauti, mmoja husema "kumi na tano arobaini" na mwingine "kumi na tano toa arobaini".

Kasoro kubwa zaidi ilikuwa nyuma ya hizo ncha. Nilipolifungua daftari la safari, nilikuta safari 175. Kati ya hizo, 168 zilileta kilo 15 hadi 20. Kilo 40 ilipatikana mara moja, siku ambayo mashua moja ilikutana na kundi la nguru. Ripoti ilikuwa kweli, lakini msomaji wa mbali angepiga katikati, akadhani safari ya kawaida ni kilo 27 au 28. Wastani halisi ni kilo 18: chukua 3,150, gawanya kwa 175. Mtu akipanga ukubwa wa sanduku la barafu kwa ile 27, atanunua sanduku ambalo halijai.

Ukitoa ncha mbili, basi, jiulize kama zimeshika yaliyo ya kawaida au zimeshika bahati. Kama ni bahati, itenge.

Dalili: kila namba ni sahihi na hakuna aliyekumbuka hata moja

Aya iliyonyooshwa bado inaweza kuchosha. Msikilizaji hubeba ulinganisho mmoja kwa sentensi. Wa pili unamwagika. Nami huanza na namba ambayo kikao kitaiamulia jambo, si ile iliyotangulia kwenye daftari. Hapa uamuzi uliokuwa mezani ulikuwa kununua sanduku la pili la barafu, kwa hiyo uharibifu ukaja mbele na mapato yakarudi nyuma:

> Katika miezi sita ya kusi, kilo 12 katika kila 100 zilizoletwa ziliharibika kwa kukosa barafu. Wakati wa kaskazi zilikuwa kilo 20 katika kila 100. Samaki walioletwa walipungua kutoka kilo 4,500 hadi kilo 3,150, msimu wa kusi ukiwa mgumu kuliko kaskazi. Safari ya kawaida ilileta kilo 15 hadi 20. Safari moja ilifika kilo 40. Tuliuza kilo 2,772 na kupata Sh693,000. Mashua 4 kati ya 6 zilihitaji matengenezo. Wanachama ni 30: vijana (18 hadi 34) 13, watu wazima (35 hadi 59) 12, na wazee (60 na zaidi) 5.

Kilo 2,772 ni 3,150 ukitoa 378 zilizoharibika, na anayetaka kuhakiki anaweza kufika huko kwa kalamu. Sikuweka asilimia 30, 40 wala 58. Zipo kwenye jedwali kwa anayezitaka.

Makosa madogo yaliyobaki nayapitia mbio. Chagua "asilimia 12" au "12%" na ushikilie moja; kwenye maelezo mimi naandika neno, kwenye jedwali alama. Neno likitangulia, alama isifuate: "asilimia 12%" ni kofia mbili kichwa kimoja. Sentensi isianze kwa tarakimu, maana nukta ya sentensi iliyotangulia huweza kusomwa kama nukta ya desimali. Tanguliza jina, "Mashua 4". Saa ziandikwe kwa hesabu yetu na zitajwe wakati wake, "saa 3 asubuhi", kwa sababu ripoti iliyoandika "9:00" iliwahi kumfikisha mgeni mmoja gatini saa tisa alasiri, boti imeshaondoka tangu asubuhi.

Na kama kikundi chako kinauza boriti, usidhani kila mtu anaijua korija. Kwa wauza miti wa Lamu korija ni miti 20 na hakuna anayeuliza. Mkaguzi kutoka bara atakuta "korija 50" kwenye mauzo na miti 1,000 kwenye stakabadhi, na ataandika kwamba kuna miti 950 isiyo na maelezo. Andika "korija 50 (miti 1,000)" mara ya kwanza inapotajwa, kisha endelea na korija zako.